Leja ya dawa na OCR: dalili za usomaji mbaya, vyanzo vyake na namna ya kusahihisha

Kosa la OCR, yaani programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi ya kompyuta, halina madhara makubwa likionekana wazi. Ukikuta "R@hm_4" kwenye kolamu ya majina, unajua papo hapo pa kurekebisha. Kinachoharibu leja ni 74 mahali palipoandikwa 14, kwa sababu 74 ni namba nzuri, imekaa mahali pake, na hakuna jicho litakaloishtukia. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya makosa ya aina hiyo, yaani yale yanayofanana na ukweli.

Mfano tunaoufuata ni leja ya dawa ya zahanati. Ukurasa umepigwa mistari na una kolamu za tarehe, jina la mgonjwa au wodi, zilizopokelewa, zilizotolewa, salio na sahihi. Rejista ya mahudhurio ya shule ina matatizo yaleyale, na inapotofautiana tutasema. Katika kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia.

## Dalili: ukurasa mzima umetoka takataka

Anza kwa kujiuliza kama programu uliyoishika ni ya mwandiko au ni ya maandishi ya chapa. Tesseract, ambayo wengi huanza nayo kwa kuwa ni ya bure, ilitengenezwa kwa ajili ya chapa. Kipimo ni rahisi: ipe vichwa vya kolamu vilivyochapwa kiwandani, kisha ipe mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu. Vichwa vikitoka safi na mwandiko ukatoka ovyo, usihangaike na mwanga wala skana. Kifaa si chake.

Watu wengi wakifika hapa hujaribu kuibana programu isome tarakimu tu, kwa amri kama hii:

```
tesseract kisanduku.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist=0123456789
```

Amri inafanya kazi, lakini haiifundishi programu kusoma mwandiko. Inailazimisha kutaja tarakimu hata pale ambapo haikutambua kitu. Takataka iliyokuwa ikionekana sasa imevaa nguo ya namba, na umejiongezea kazi.

Chanzo cha pili ni kuipa modeli ya mwandiko picha isiyo ya kipimo chake. TrOCR, kwa mfano, husoma picha ya mstari mmoja. Ukiipa ukurasa wenye mistari 25, itaubana wote kama mstari mmoja na kukutolea sentensi fupi isiyohusiana na chochote. Kata mstari mmoja kwa mkono, kwa programu yoyote ya picha, uupitishe peke yake. Ukisomeka, modeli haina tatizo, tatizo liko kwenye ukataji wako.

Picha yenyewe huja ya tatu, ingawa ndiyo wengi huilaumu kwanza. Tarakimu ya mkono yenye urefu wa milimita 3, ikiskaniwa kwa dpi 300, huwa na urefu wa pikseli 35 hivi, na hiyo inatosha. Kuza picha uhesabu. Ukikuta pikseli 12 au 15, picha imebanwa njiani, mara nyingi kwa sababu ilitumwa kwa programu ya ujumbe kama picha ya kawaida. Itumwe kama faili, au ihamishwe kwa waya.

Onyo kabla ya kuskani upya: leja iliyoshonwa haikandamizwi juu ya kioo cha skana mpaka mgongo ulie. Uzi ukikatika, kurasa huachana na mpangilio wake hupotea. Leja isiyofunguka vizuri hupigwa picha kutoka juu, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi, mwanga ukitoka pande mbili. Kurasa zikiwa zimegandana kwa maji, zina kuvu, au wino unatoka kidoleni, simama hapo. Hiyo ni kazi ya mhifadhi wa nyaraka. Usizibandue kwa kisu wala kwa mvuke.

## Dalili: namba ni sahihi lakini zimekaa mstari wa jirani

Jina la mstari wa 8 limepata vidonge vya mstari wa 9. Ukiangalia kila kisanduku peke yake huoni kosa, maana kila namba imesomwa vizuri.

Chanzo kikuu ni ukurasa uliolala upande kidogo, na huo "kidogo" ni mdogo kuliko unavyodhani. Ukurasa wenye upana wa pikseli 3,500 ukiinama digrii 1 tu, mwisho wake wa kulia hushuka pikseli 61. Mstari wa leja wenye kimo cha milimita 8 ni pikseli 94 kwa dpi 300. Ukikata kwa mistari iliyonyooka, ukifika kwenye kolamu ya salio umeshaingia zaidi ya nusu ya mstari wa chini. Kwa hiyo nyoosha picha kwanza, kisha kata kwa kufuata mistari iliyochapwa kwenye karatasi. Usikate kwa vipimo ulivyobuni kutokana na ukurasa wa kwanza. Mistari ya wima hupatikana hivi, kwa Python na maktaba ya OpenCV:

```
import cv2
g = cv2.imread("ukurasa.png", 0)
b = cv2.adaptiveThreshold(g, 255,
    cv2.ADAPTIVE_THRESH_GAUSSIAN_C,
    cv2.THRESH_BINARY_INV, 51, 15)
k = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_RECT, (1, 80))
wima = cv2.morphologyEx(b, cv2.MORPH_OPEN, k)
```

Namba 80 inasema hivi: mchoro wowote wa wima ulio mfupi kuliko pikseli 80 ufutwe. Herufi zinafutika, mistari ya kolamu inabaki. Ikiwa matokeo ni meusi matupu bila mistari, sababu huwa ni ileile ya kulala upande: mstari wenye unene wa pikseli 3, ukiinama zaidi ya digrii 2, hauna tena pikseli 80 zilizopangana wima, na amri inaufuta pamoja na herufi. Nyoosha picha, kisha rudia. Kwa mistari ya mlalo, geuza kipimo kiwe `(80, 1)`.

Unapokata kisanduku, acha pikseli 10 hadi 15 za ziada juu na chini, kwa sababu mikia ya g, y na j huvuka mstari. Usizidishe, kwani mkia wa jirani ukiingia husomwa kama koma au 1. Mstari wa kolamu wenyewe uondoe kabisa kwenye picha ya kisanduku. Ukibaki pembeni, 30 huwa 130, na kosa hilo hujirudia ukurasa mzima. Ukiona kolamu nzima imeanza na 1, usimlaumu mwandishi.

Chanzo kingine ni leja ambayo maelezo yake yanaanza ukurasa wa kushoto na kumalizikia wa kulia. Kurasa hizo mbili hujikunja tofauti karibu na mshono, basi kila moja ipigwe picha yake. Ziunganishe kwa namba ya mstari baada ya kuhesabu kwamba mistari ya kushoto ni sawa na ya kulia. Zisipolingana, tafuta jina refu lililoandikwa kwa mistari miwili. Mara nyingi ndilo.

Kila kisanduku kikatwe kikiwa na utambulisho wake kwenye jina la faili, mfano `L03_k027_m14_salio.png`: leja ya 3, ukurasa wa 27, mstari wa 14. Utambulisho huo uandamane na namba hadi mwisho wa kazi. Bila huo, hatua inayofuata haifanyiki.

## Dalili: namba inaaminika, ila siyo iliyoandikwa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo leja inapokusaidia kuliko programu yoyote. Leja ya dawa ina hesabu ndani yake: salio lililotangulia, ongeza zilizopokelewa, toa zilizotolewa, upate salio jipya. Kwa hiyo kila mstari unaushuhudia mwenzake. Chukua matokeo ya OCR yakiwa mabichi, kabla hajayagusa mtu, uyaweke kwenye jedwali lisilo na mstari wa vichwa. Zilizopokelewa ziwe kolamu C, zilizotolewa D, salio E. Kwenye F andika fomula hii kuanzia mstari wa pili wa jedwali, uishushe hadi mwisho:

```
=E2-(E1+C2-D2)
```

F ikiwa 0, mstari umekubaliana na mwenzake. Ikionyesha `#VALUE!`, kuna herufi iliyojifanya tarakimu, kwa kawaida O badala ya 0 au l badala ya 1.

Tuchukue ukurasa mmoja kama ulivyotoka kwenye programu. Hakuna dawa iliyopokelewa siku hizo, kwa hiyo kolamu hiyo tumeiacha.

| Mstari | Zilizotolewa | Salio | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | – | 480 | – |
| 2 | 30 | 450 | 0 |
| 3 | 21 | 429 | 0 |
| 4 | 74 | 415 | +60 |
| 5 | 15 | 406 | +6 |
| 6 | 28 | 372 | −6 |
| 7 | 10 | 326 | −36 |
| 8 | 12 | 314 | 0 |

Usikimbilie kurekebisha. Soma kwanza umbo la tofauti, maana linataja aina ya kosa.

Mistari ya 5 na 6 ina +6 ikifuatiwa na −6. Tofauti mbili zilizofuatana, zenye ukubwa mmoja na alama zinazopingana, zinamshitaki mtu mmoja: salio la mstari wa kwanza kati ya hiyo miwili. Salio hilo limetumika mara mbili, kwanza kama jibu na kisha kama mwanzo wa hesabu inayofuata, ndiyo maana kosa limejitokeza na kujirudisha. Na 6 yenyewe ni tofauti kati ya 0 na 6, jozi ambayo mwandiko wa haraka huichanganya sana, hasa mwandishi anapofunga sifuri yake kwa mkia juu. Fungua picha ya salio la mstari wa 5: ni 400.

Mstari wa 4 una +60, na mstari unaofuata haurudishi −60. Basi salio la 415 halina hatia, kwa sababu lingekuwa na kosa, kosa lingerudi. Kilichobaki ni kolamu ya zilizotolewa. Sitini ni 6 kwenye nafasi ya makumi, na 6 ni tofauti kati ya 1 na 7 pia. Picha inaonyesha 1 yenye kofia ndefu. Iliyoandikwa ni 14, na 429 kutoa 14 ni 415.

Mstari wa 7 ndio wenye mtego. Una −36 isiyorudi, kama mstari wa 4, na ukitazama hesabu peke yake utadhani ni kosa la aina moja. Lakini 36 hugawanyika kwa 9, na tofauti inayogawanyika kwa 9 ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 362 imekuwa 326. Programu hukosea maumbo, ila ni nadra igeuze mpangilio wa tarakimu. Anayegeuza mpangilio ni mkono wa mtu, ama wa mchapaji ama wa mwandishi wa leja. Tumesema matokeo haya bado hayajaguswa, basi fungua picha. Kwenye karatasi kweli pameandikwa 326, na mwandishi akaendelea nayo: 326 kutoa 12 ni 314. Kosa ni la leja, siyo la usomaji.

Kosa la namna hiyo halirekebishwi. Andika 326 kama lilivyo, kisha kwenye kolamu ya maelezo weka "hesabu ya asili haikubali, −36". Ukiandika 362 utalazimika kubadilisha kila salio lililofuata hadi mwisho wa leja, na utakuwa umeandika leja mpya ambayo hakuna aliyeitia sahihi. Zaidi ya hapo, vidonge 36 vinaweza kuwa vilihesabiwa rafuni baadaye na kupatikana ziada, na namba uliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikieleza sababu.

Simama na umwite mhusika ikiwa tofauti za asili zinajirudia kwenye dawa zinazodhibitiwa, au namba imekwanguliwa na kuandikwa upya. Peleka orodha ya kurasa kwa mfamasia au msimamizi wa zahanati. Msahihishaji hatoi hukumu na hajazi pengo.

Jozi zinazochanganywa mara nyingi zina tofauti zao, na ni vyema zibandikwe mbele ya msahihishaji: 1 na 7 hutoa 6, 0 na 6 hutoa 6, 4 na 9 hutoa 5, 3 na 8 hutoa 5, 3 na 5 hutoa 2. Kwenye makumi zinakuwa 60, 50 na 20. Nukta iliyopotea nayo hugawanyika kwa 9: 8.5 ikisomwa 85, tofauti ni 76.5, ambayo ni mara 9 ya 8.5. Hiyo utaikuta zaidi kwenye dawa za maji na kwenye kolamu za uzito, ambako nukta huwa imekaa juu kabisa ya mstari uliochapwa na kumezwa nao.

Kwenye rejista ya shule, hesabu inayoshuhudia ni ya pande mbili. Tiki za siku zikihesabiwa chini zilingane na jumla ya siku, na za mwanafunzi zikihesabiwa kulia zilingane na jumla yake. Hesabu ya siku moja na ya mwanafunzi mmoja zikigoma kwa pamoja, kosa liko pale zinapokutana.

Hesabu hii ina mipaka. Haioni tarehe wala jina. Haioni pia makosa mawili yanayofutana, mfano zilizotolewa zikisomwa pungufu 6 na salio la mstari huohuo likasomwa zaidi 6. Lakini salio hilo litaukorofisha mstari unaofuata, na hapo utalikamata. Mstari wa mwisho wa ukurasa ndio hauna wa kuufuata, kwa hiyo unganisha jedwali kurasa zote mfululizo, salio la kuletwa mbele likiwa ndiyo daraja.

## Dalili: majina yamegeuka maneno ya lugha nyingine

"Mwanaidi" limekuwa neno la Kiingereza linaloanza na "Man", na "Zawadi" limekuwa kitu kisichotambulika. Modeli nyingi za mwandiko zilizo wazi zimefundishwa kwa Kiingereza. Modeli ya TrOCR yenye jina `trocr-base-handwritten` ilinolewa kwa mkusanyo wa IAM, ambao ni mistari ya Kiingereza. Modeli kama hiyo haisomi herufi peke yake, inakisia pia neno gani lina uwezekano wa kufuata, na makisio yake ni ya lugha iliyofundishwa.

Namna ya kujua: linganisha tarakimu na majina kwenye ukurasa mmoja. Tarakimu zikiwa nzuri na majina mabaya, na majina hayo mabaya yakiwa maneno yaliyokamilika ya lugha nyingine, chanzo ni hicho.

Suluhisho la haraka ni orodha ya majina. Kusanya majina kutoka kurasa zilizokwisha kusahihishwa, na kila jina jipya lilinganishwe na orodha: ni herufi ngapi zinapaswa kubadilishwa ili lifanane na mojawapo. Orodha ipendekeze tu, isibadilishe yenyewe. Asha na Aisha wametofautiana kwa herufi moja, na wote wawili wanaweza kuwa wagonjwa wa zahanati hiyohiyo.

Suluhisho la kudumu ni kuinoa modeli kwa mistari yenu wenyewe iliyosahihishwa. Hapa kuna kosa moja linalowadanganya wengi: wanachanganya mistari yote, wanatenga sehemu ya kupimia kwa bahati nasibu, wanapata matokeo mazuri, kisha leja inayofuata inawaangusha. Mistari ya kupimia ilikuwa ya mwandiko uleule uliofundishwa. Tenga kwa mwandishi au kwa leja nzima. Leja ambayo modeli haijawahi kuiona hata mstari mmoja ndiyo itakayokupa kipimo cha kweli.

Na usiridhike na asilimia ya herufi. Modeli inayopata herufi 97 kati ya 100 inasikika vizuri, lakini jina lenye herufi 14 hutoka bila kosa kwa uwezekano wa 0.97 ikizidishwa yenyewe mara 14, ambao ni 0.65. Karibu jina moja katika kila matatu lina kosa. Kwa hiyo kolamu ya majina isomwe na mtu yote, haijalishi programu inajiamini kiasi gani.

## Dalili: visanduku vitupu vimepata maneno, alama za kurudia zimepotea

Modeli ikipewa kisanduku kitupu bado hujibu kitu, maana imefundishwa kwamba kila picha ina maandishi. Hesabu pikseli nyeusi kwanza, baada ya kuondoa mistari ya kolamu. Kisanduku chenye wino chini ya asilimia 0.5 hivi ya eneo lake kiandikwe "tupu" na kisipelekwe kabisa kwenye modeli. Kiwango hicho kirekebishe kwa kutazama visanduku 50 vya leja yako, kwa sababu karatasi ya zamani yenye madoa huhitaji kiwango cha juu zaidi. Wino wa ukurasa wa nyuma ukipenya, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaposkani, penyo hupungua.

Vistari viwili vidogo vya "kama hapo juu" husomwa kama 11. Kwenye kolamu ya tarehe utaona 11 imeshuka mfululizo, na hilo linatosha kuitambua. Kwenye zilizotolewa hutagundua kwa macho, lakini hesabu ya salio itakuambia. Katika jedwali, andika alama yenyewe kwenye kolamu ya "kilichoandikwa" na thamani yake kwenye kolamu ya "maana yake". Vivyo hivyo kwa maandishi yaliyokatwa kwa mstari: kilichokatwa kihifadhiwe kikiwa na alama ya kukatwa, kwa sababu kinaonyesha ni nini kilibadilishwa.

Kisanduku kitupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri inasema mtu alihesabu akakuta hakuna. Utupu unasema hakuna aliyeandika.

## Dalili: msahihishaji amepitia yote, makosa bado yapo

Mara nyingi tatizo haliko kwa mtu, liko kwenye kioo cha kompyuta alichowekewa. Akionyeshwa 74 iliyokwisha kujazwa na kitufe cha kukubali, baada ya visanduku mia mbili jicho lake husoma 74 hata pale picha inaposema 14. Pendekezo limeshamjaza akilini kabla hajatazama.

Kwanza, badilisha mpangilio. Badala ya kumpa ukurasa mstari kwa mstari, mpe kwa pamoja picha zote ambazo programu imezisoma kuwa 7. Picha 40 za 7 zikiwa zimejipanga, ile 1 iliyojipenyeza hujionyesha yenyewe, naye anaibonyeza bila kuandika kitu. Ni kazi ya haraka na haichoshi macho kama ile ya mwanzo. Isifanywe kwa majina, kwani jina linahitaji kusomwa pamoja na mstari wake.

Pili, kolamu zenye uzito, yaani zilizotolewa na salio, ziingizwe mara mbili. Mtu wa kwanza husahihisha matokeo ya programu. Wa pili huandika akiwa anaona picha tu, bila kuona pendekezo wala alichofanya mwenzake. Wakikubaliana, namba inapita. Wakitofautiana, wa tatu huamua, akiwa na picha ya mstari mzima pamoja na miwili ya juu na chini yake. Ukiwaruhusu hao wawili kuonana majibu, umepata mtu mmoja aliyefanya kazi mara mbili.

Tatu, wapime. Katika kila visanduku 100, ingiza 5 ulivyoviharibu kwa makusudi ambavyo majibu yake unayajua, na wasahihishaji waambiwe mapema kwamba vipo. Akikamata 5 anasoma. Akikamata 2, amechoka au kioo chake ni kidogo, na kazi ya saa hiyo irudiwe na mwingine. Visanduku hivyo viwe na alama kwenye faili ya pembeni, viondolewe kabla ya matokeo kutumika. Kuna waliovisahau humo.

Chanzo kingine ni kuamini kiwango cha kujiamini ambacho programu hujipa. Wengi huamua kwamba kisanduku chenye 0.95 na kuendelea hakihitaji kutazamwa, bila kuipima namba hiyo. Chukua visanduku 300 kwa bahati nasibu kati ya vile vilivyopita bila kutazamwa, uvilinganishe na picha. Ukikuta kosa 0, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi takriban 1 katika 100, na huwezi kusema zaidi ya hapo. Ukikuta makosa 6 au 7, kiwango hicho hakikufai kwa leja ya dawa. Pima tena kila mwandiko unapobadilika, maana karani mpya wa leja anaweza kuwa na 1 ambayo modeli inaiona 7 kwa kujiamini kabisa.

Simama na uulize kila mara namba inapohusu kipimo cha dawa, matokeo ya vipimo vya mgonjwa, au jina la dawa lililofupishwa ambalo lina maana mbili. Msahihishaji aandike "haisomeki" na utambulisho wa kisanduku, na muuguzi au mfamasia asome picha mwenyewe. "Haisomeki" ni jibu halali na lisihesabiwe dhidi ya aliyeliandika. Ukimpunguzia mtu posho kwa sababu hiyo, kesho atakisia.

Na kabla ya picha yoyote yenye majina ya wagonjwa au wanafunzi kupandishwa kwenye huduma ya mtandaoni, pawe na kibali cha maandishi cha msimamizi wa kumbukumbu hizo. Kibali kisipopatikana, kolamu ya jina ikatwe na ibaki kwenye kompyuta ya ofisini, na kolamu za namba ziende peke yake. Utambulisho wa `L03_k027_m14` utazirudisha pamoja zikishasahihishwa.